Kabla hujafuta laivu ya kupamba iliyoharibika: mambo ya kuzingatia

Kisa chenyewe kila mtu Mombasa anakijua. Usiku wa kupamba, ukumbi mzima ni wanawake, mabuibui yamevuliwa, simu zimekusanywa mlangoni, na bibi harusi ameketi juu kwenye kiti chake. Kwa sababu shangazi yuko Muscat na dada yuko London, familia imemruhusu fundi wa video, naye ni mwanamke, arushe laivu ya YouTube kwa jamaa wa mbali tu. Baada ya dakika 50 mtu anapiga simu kutoka nje: laivu iko wazi, hata wanaume wanaitazama. Fundi alipoifungua alibonyeza "Reuse settings", nayo ikachukua mipangilio ya kazi yake ya awali, maulidi yaliyorushwa kwa umma. Hakukagua tena.

Hapo kila mtu hupiga kelele neno moja: futa! Ngoja. Kufuta ndilo jambo la mwisho kabisa, na ukilitanguliza utajuta. Fuata mpango huu.

Kwanza maliza matangazo kikweli. Kuzima kamera hakutoshi, na hata kubonyeza "Stop Streaming" kwenye OBS, programu ya kurushia laivu, hakutoshi kama "Enable Auto-stop" haijawashwa upande wa YouTube, kwa sababu ukurasa unabaki umefunguliwa ukisubiri picha irudi. Tena ikiwa DVR imewashwa, mtazamaji anaweza kurudisha nyuma akaona yaliyopita. Ingia Live Control Room, bonyeza "End stream", subiri ikuambie imekwisha.

Pili, ifiche. YouTube Studio, Content, kichupo cha Live, kisha kwenye safu ya Visibility chagua "Private" na uhifadhi. Kwenye simu, app ya YouTube Studio inafanya hivyo hivyo. Usichague "Unlisted" ukadhani umeficha. Unlisted maana yake haionekani kwenye utafutaji, lakini kila mwenye linki anaingia, na linki yenu tayari inazunguka kwenye magrupu. Hata klipu ambazo watazamaji wamekata kwa kitufe cha Clip zinaendelea kuchezeka video ikiwa Unlisted. Ikiwa Private, klipu hizo nazo hazifunguki, na maoni yaliyo chini ya video hayaonekani.

Wengine watakushauri ukate tu ile sehemu mbaya kwa Editor ya Studio. Usikubali. Kukata kunaweza kuchukua saa nyingi, na muda wote huo video iliyo wazi inachezeka vilevile kama ilivyokuwa. Isitoshe, laivu ikishakatwa hupoteza marudio ya chati, yaani ujumbe ambao watazamaji waliuandika wakati wa laivu, na chati ile unaihitaji.

Tatu, pakua video. Kwenye Studio bonyeza vidoti vitatu kando ya video, kisha "Download". Kama fundi alikuwa akirekodi pia kwenye kompyuta, faili hilo ndilo bora: kwa kasi ya 4,500 Kbps saa moja ni kama GB 2, basi flashi ya GB 8 inatosha sherehe nzima. Faili liwekwe na mtu mmoja aliyekubaliwa na familia, mwanamke, wala lisitumwe WhatsApp "kwa usalama". Lengo la nakala hii ni moja tu: mtu akiipandisha tena kwingine, uwe na cha kulinganishia.

Sasa tuje kwenye chati, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanaungua. Video uliyopakua haina chati ndani yake. Ujumbe ulioandikwa wakati wa laivu unakaa kando, umefungwa kwenye video kwa muda wake, na siku utakayobonyeza "Delete forever" unaondoka nao. Familia nyingi hufurahia hilo: matusi yameondoka, majina yaliyotajwa yameondoka. Wiki mbili baadaye kipande cha sekunde 20 kinatokea kwenye akaunti isiyojulikana, na hapo ndipo wanaanza kuulizana ni nani aliyekuwa akitazama. Jibu lilikuwa kwenye chati. Aliyerekodi huwa hajizuii: kwenye dakika ya 41 ameandika "nishachukua hii", au amemtaja msichana fulani kwa jina la babake, au amebandika linki ya grupu. Ushahidi huo ulikuwa mkononi mwao na wameuchoma wenyewe.

Kwa hiyo hifadhi chati kabla ya kufuta chochote. Njia rahisi ni kufungua video kwa akaunti ya mwenye chaneli, upande wa kulia kubadilisha "Top chat replay" kuwa "Live chat replay", kisha kurekodi skrini huku video ikienda. Badilisha kweli, kwa sababu ile ya kwanza huchuja, na ujumbe unaoutafuta huenda ndio uliochujwa. Ubaya wa njia hii ni kwamba dakika 50 za laivu ni dakika 50 za kukaa hapo, na unachopata ni jina tu, ambalo mtu anaweza kulibadilisha kesho asubuhi.

Njia iliyo imara zaidi ni programu ya bure ya `yt-dlp` kwenye kompyuta. Ingia YouTube kwa Firefox ukiwa kwenye akaunti yenye chaneli hiyo, kisha andika:

```
yt-dlp --cookies-from-browser firefox --skip-download --write-subs --sub-langs live_chat "LINKI_YA_VIDEO"
```

Hapo utapata faili linaloishia na `live_chat.json`. Lifungue kwa programu yoyote ya maandishi na utafute kwa Ctrl+F. Kila ujumbe una `timestampText`, yaani dakika ulipotumwa, na `authorExternalChannelId`, namba ndefu inayoanza na UC. Namba hiyo ndiyo ya kushika. Mtu akibadilisha jina na picha, namba ya chaneli yake haibadiliki, na ukiiweka baada ya `youtube.com/channel/` inakupeleka kwake.

Mambo mawili hukwamisha hapa. La kwanza ni haraka: marudio ya chati hayapatikani papo hapo, yanasubiri YouTube imalize kuchakata video. Ukiambiwa hakuna chati, video ibaki Private, lala, jaribu asubuhi. La pili, kama fundi alizima marudio ya chati kwenye mipangilio, huenda hayaonekani mpaka ayawashe: Edit video, Show more, kisha weka alama kwenye "Show live chat replay". Video ikiwa Private, kuyawasha hakumfungulii mtu wa nje chochote.

Chati ikishahifadhiwa, geukia WhatsApp, kwa sababu hapo kuna picha ambayo YouTube haiwezi kukuondolea. Mtu anapotuma linki, WhatsApp inaunda kadi ndogo yenye jina la video na picha yake, na picha hiyo inasafiri ndani ya ujumbe wenyewe. Ukiifuta video leo, kadi inabaki pale pale kwenye simu za watu. Kama picha ya laivu ni uso wa bibi harusi, basi uso huo bado uko kwenye kila grupu lililopokea linki. Dawa ni aliyetuma afute kwa "Delete for everyone", na nafasi hiyo ni siku mbili na kidogo tu tangu kutuma. Akikataa au amelala, admini wa grupu anaweza kuufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Basi usiku huohuo andikeni orodha ya magrupu na maadmini wake, wagawiane kina mama wawili watatu kuwapigia. Hili lisisubiri asubuhi.

Ulizeni pia laivu ilikwenda wapi kwingine. Mafundi wengi hurusha YouTube na Facebook kwa pamoja, na kufuta huku hakugusi kule. Facebook sasa huweka laivu mpya siku 30 kisha huiondoa yenyewe, lakini siku 30 kwa jambo hili ni umri mzima. Ifuteni kwa mkono, kisha fungueni Activity log na kuangalia Trash, maana posti iliyotupwa humo inaweza kurudishwa. Tena kuna rekodi kwenye kompyuta ya fundi, kadi ya kamera, na mara nyingine simu ya msaidizi wake. Muombeni azifungue mbele yenu, kwa adabu, naye ana njaa ya kazi ijayo kama kila fundi.

Kikipatikana kipande kilichopandishwa tena YouTube, kuna malalamiko ya faragha. Kwa kawaida anayeonekana ndiye anayelalamika mwenyewe. Mume halalamiki kwa niaba ya mkewe, labda kama anayeonekana ni mtoto au mtu asiyeweza kutumia kompyuta. Aandike dakika na sekunde anapoonekana na aeleze nguo aliyovaa, ili atambulike kwa hakika. Aliyepandisha anaweza kupewa saa 48 aondoe mwenyewe kabla YouTube haijaamua. Na kwa kuwa kila mmoja hujilalamikia mwenyewe, wanawake watano walioonekana wapeleke malalamiko matano. Pigeni skrinishoti ya ukurasa pamoja na linki yake kabla ya kulalamika, kwa sababu ukishaondolewa hamna cha kuonyesha polisi wala Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Baada ya yote hayo, na chati ikiwa imefunguliwa na kusomeka kwenye kompyuta ya pili, ndipo mnafuta. Content, Live, weka alama kwenye video, More actions, "Delete forever". Itakuuliza ukubali kwamba hairudi, nayo hairudi kweli.

Kama chaneli ni ya fundi na si ya familia, simameni naye akibonyeza. Kisha afungue Settings, Permissions, na kuonyesha nani mwingine ana nafasi ya kuingia. Mara kwa mara kuna kijana aliyesaidia mwaka juzi bado ni Manager. Na kwa harusi ijayo, asitumie "Reuse settings" hata akiwa na haraka. Aunde laivu mpya, achague Unlisted mwenyewe, azime chati, aweke picha ya maua mahali pa uso wa mtu, kisha mmoja wenu afungue chaneli kwa simu isiyo na akaunti kabla bibi harusi hajatoka chumbani. Laivu ikionekana hapo, maharusi wasubiri.