Kumtambua mteja bila kuutegemea uso: hatua ninazofuata kibandani

Nashona nguo Kibuye, hapa Kisumu, na nyuso za wateja wangu hazinikai. Macho yangu ni mazima, natunga uzi mwembamba kwenye sindano bila miwani. Ukiketi mbele yangu naona pua, nyusi na mdomo, na najua kama umekasirika. Lakini ukiondoka, vipande vile havibaki vimeshikana kuwa wewe. Ukirudi kesho, nitauona uso wako kama mara ya kwanza.

Hali hii ni upofu wa nyuso. Wataalamu huiita prosopagnosia, jina lililotolewa mwaka wa 1947 na Joachim Bodamer, daktari Mjerumani wa magonjwa ya neva, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya uso na kutotambua. Wengine wetu tumezaliwa hivi, na mara nyingi unakuta wawili au watatu katika ukoo mmoja. Wengine huipata baada ya kiharusi au jeraha la kichwa. Kwa hiyo kama jana ulizijua nyuso na leo huzijui, usianze na mwongozo huu. Nenda hospitali leo hii.

Nitaeleza jambo moja tu: jinsi ya kuwa na hakika kwamba anayesimama mbele yako ndiye mwenye nguo, kabla hujamkabidhi. Disemba moja nilimpa mtu gauni la harusi la mwenzake, na tangu hapo nafuata mpango huu kila siku.

Hatua ya kwanza: andika mtu akiwa bado mbele yako. Kando ya vipimo vyake kwenye daftari naandika alama zake. Siandiki "mrembo" wala "mweupe kidogo", maana wa namna hiyo watapita hamsini kabla ya saa sita. Naandika kitu ninachoweza kukitafuta. Mfano halisi wa daftari langu: "Kitenge cha samaki. Sauti nzito, akimaliza kusema hucheka kwa puani. Mguu wa kulia hutupwa nje. Sikio la kushoto matundu matatu. Rasta hadi kiunoni, tarehe 4 Mei."

Tazama ile tarehe. Nimeiweka kwenye nywele peke yake, kwa sababu nywele ndiyo alama inayoonekana upesi kuliko zote na ndiyo inayosaliti upesi. Rasta hukaa wiki nne, pengine sita, halafu hufumuliwa. Wigi huvuliwa jioni. Baada ya mwezi mmoja, mimi huikata alama ya nywele kwa kalamu nyekundu. Kinachobaki ni vile ambavyo msusi havigusi: mstari wa nywele kwenye paji, umbo la sikio, shingo, mwanya wa meno.

Hatua ya pili: mtazame akiwa bado mbali. Cherehani yangu nimeigeuza ielekee njia, si ukuta, ili nimwone mtu hatua kumi na tano kabla hajafika. Usitazame nguo. Anza na nyayo: zinaelekea mbele au zinafunguka nje? Kisha nyonga, kisha mikono: upi unapepea zaidi? Mwisho sikiliza mdundo wa hatua, kwa maana kuna mtu ambaye hatua yake moja ni ndefu kuliko ya pili, na hilo huendelea hata akibadilisha viatu. Mwendo nao una mipaka yake. Mzigo kichwani hunyoosha kila mtu. Ujauzito hubadilisha nyonga. Matope ya masika hutufanya sote tutembee kama bata. Siku hizo mwendo siuhesabu.

Hatua ya tatu: mfanye azungumze. Hapa ndipo mila yetu inanisaidia sana. Salamu za huku si neno moja. Nauliza, "Karibu dada, pole na jua. Umefikaje leo?" Swali lenye jibu la ndiyo au la halinifai, nahitaji sentensi mbili au tatu. Nasikiliza uzito wa sauti, kasi, mahali anapovuta pumzi, na neno analolipenda. Mteja mmoja kutoka upande wa Luanda hawezi kumaliza sentensi bila "ama namna gani". Mafua huharibu uzito wa sauti lakini hayaharibu kasi wala maneno. Jumapili, soko likijaa na mafundi wa jua kali wakigonga mabati, namwita mteja ndani ya kibanda kwanza. Wapo wenye hali hii ambao hata sauti huwapotea. Ikiwa ni wewe, tilia mkazo mwendo na alama za mwili.

Hatua ya nne: mahali na saa vipunguze orodha, visiamue. Nikijua anayekuja saa kumi ni mwenye kitenge cha samaki, akili yangu itamvika kitenge hicho mtu yeyote atakayetokea saa kumi. Makosa yangu mengi hayakutokana na kutomjua mtu. Yalitokana na kumwona niliyekuwa namngoja. Kanuni yangu ni hii: mahali na saa ni alama moja, na juu yake nataka nyingine mbili zisizohusiana.

Hivi ndivyo ilivyokwenda Jumamosi moja katikati ya Juni. Saa kumi kamili akaingia mwanamke mwenye rasta hadi kiunoni, akitabasamu kama mtu anayenijua. Saa ilikubali, nywele zilikubali, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye gauni la samaki. Nikakumbuka nywele zile niliziandika Mei, na hizi zilikuwa zimebana kichwani kama zilizosukwa jana. Hilo peke yake halikutosha, pengine alisuka upya. Alikuja kwa upande wa nyuma, mwendo sikuuona. Masikio yalifunikwa. Nikamuuliza amefikaje. Akajibu haraka haraka, sauti nyembamba, bila kicheko: "Nimetembea tu kutoka stejini, fundi." Nikashika futi nikamwambia, "Hebu tuhakikishe kiuno." Daftari lilisema inchi 31. Futi ikasema 36. Alikuwa mama aliyefuata sare ya shule ya mwanawe.

Karibu saa kumi na moja nikaona mguu wa kulia ukitupwa nje, mbali, karibu na wauza nyanya. Mwenye mguu alikuwa amenyoa kipara. Kwa uso na nywele ningempita kama mgeni. Alipofika akasema, "Nisamehe, fundi, nimechelewa," akacheka kwa puani, nikampa gauni lake kabla hajalitaja.

Hatua ya tano: sema. Wateja wa kudumu nimewaambia wazi: "Nyuso hazinikai, ukifika nitajie jina na nguo." Wengi huelewa wakiambiwa mapema. Wanaoumia ni wale niliowapita mjini bila salamu, kwa sababu nje ya kibanda alama ya mahali huwa imekufa. Siku hizi nikiwa njiani namsalimia kila anayenitazama kwa zaidi ya kawaida.

Pagumu zaidi ni shuleni kwa binti yangu siku ya wazazi. Vichwa vyote vimenyolewa, sweta zote za kijani, na watoto wanakimbia, kwa hiyo mwendo wao si ule wa nyumbani. Hapo sitafuti. Tumekubaliana nisimame langoni upande wa kushoto, naye aje kwangu, na kabla hajanikumbatia aseme, "Mama, ni mimi."