Mji mmoja, maandishi saba: kusafisha majina ya miji katika Excel

Orodha ilikuwa ya wanachama 312 wa chama cha akiba, na kila mmoja alikuwa amejijazia fomu mwenyewe. Mwenyekiti alitaka kujua jambo moja tu: wa Murang'a ni wangapi? PivotTable ikanipa Murang'a saba. Nyingine zilikosewa tahajia, lakini tatu kwa macho zilikuwa sawasawa kabisa. Hizo ndizo zinazosumbua, kwa hiyo tuanze nazo.

1. Usiguse kolamu ya asili

Miji yangu iko kolamu C. Ninaiacha ilivyo, nafanya kazi D na E. Ukikosea, unafuta fomula na kuanza upya.

2. Tafuta kisichoonekana

Murang'a ina alama 8, ukihesabu na ritifaa. Pima kila seli:

```
=LEN(C2)
```

Ikisema 9, kuna nafasi tupu imejificha, mara nyingi mwishoni. Uliza ni ya aina gani:

```
=UNICODE(RIGHT(C2,1))
```

Jibu 32 ni nafasi ya kawaida. Jibu 160 ni nafasi isiyokatika, ambayo huja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti. TRIM haiioni hiyo 160, na ndiyo sababu watu husema "nimeshatumia TRIM na bado haijatoka".

Mkosaji wa tatu ni ritifaa yenyewe. Ukiandika ndani ya Excel unapata ritifaa iliyonyooka, lakini maandishi yaliyotoka Word au kwenye simu huweza kuja na ile iliyopinda (’), yenye namba 8217. Kwa Excel hizo ni alama mbili tofauti. Lugha zetu zina ng' kila kona, kwa hiyo utakutana nalo tena na tena.

3. Safisha yote kwa fomula moja

Kwenye D2:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2,UNICHAR(160)," "),UNICHAR(8217),"'"))
```

Mpangilio una maana. Kwanza 160 inageuzwa kuwa nafasi ya kawaida, ritifaa iliyopinda inanyooshwa, kisha TRIM inakata za mwanzo na mwisho na kubakiza moja tu kati ya maneno. Ukiitanguliza TRIM ndani, zile 160 zitageuka nafasi za kawaida baada ya mfagiaji kuondoka. Buruta fomula hadi chini. Kama kompyuta yako inaikataa, jaribu nukta mkato badala ya mkato. Inategemea mipangilio ya nchi.

Utashawishika kuongeza PROPER ili herufi kubwa zikae vizuri. Usiongeze. PROPER hukuza kila herufi inayofuata alama isiyo herufi, kwa hiyo utapata Murang'A.

4. Tengeneza jedwali la tahajia

Sasa zimebaki tahajia zenyewe: Muranga, Murang a, Mranga, Olkalou, Ol Kalau. Nakili kolamu D, ibandike kama thamani tupu (Paste Special, kisha Values) kwenye shiti mpya uliyoiita Miji, kolamu A, halafu tumia Remove Duplicates. Mimi nilibaki na maandishi 41. Kando ya kila moja, kolamu B, andika jina sahihi kwa mkono wako. Hata lililo sahihi tayari liandikie lilelile. Kisha kwenye E2:

```
=IF(D2="","ANGALIA",IFERROR(VLOOKUP(D2,Miji!$A$2:$B$60,2,FALSE),"ANGALIA"))
```

VLOOKUP haijali herufi kubwa na ndogo, hivyo MURANGA na muranga zinatosheka na mstari mmoja.

Kwa nini nisitumie Ctrl+H? Niliwahi. Nilibadilisha "Thik" kuwa "Thika", na kila Thika iliyokuwa sahihi ikawa Thikaa. Kisanduku cha "Match entire cell contents" kingeniokoa, lakini jedwali lina faida nyingine: mwezi ujao orodha mpya ikija, makosa ya zamani tayari yana majibu, na mapya tu ndiyo yatakayosema ANGALIA.

5. Kagua kabla ya kubandika

Chuja kolamu E uone ANGALIA zote, uziongeze kwenye jedwali. Mstari wenye mji mtupu nao utaangukia humo, usiubunie mji. Tengeneza PivotTable upya kutoka kolamu E na uhakikishe jumla bado ni 312. Ndipo unapobandika E kama thamani.

Kuna kitu kimoja fomula haikiwezi. Murang'a ni mji, na pia ni kaunti. Mtu wa Kenol, mji mwingine ndani ya kaunti hiyo, akiandika "Muranga" hajakosea, amejibu swali jingine. Kwenye orodha yangu walikuwepo wa aina hiyo, niliwajua kwa sababu kolamu ya tawi ilisema Kenol. Niliwapaka rangi ya njano na kumwachia katibu awapigie simu.