Somo: Kuzisoma tovuti za washindani kabla ya kujenga yako, kwa mfano wa duka la vipuri

Mwaka jana nilimsaidia mfanyabiashara wa vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, hapa Nairobi, kujenga tovuti ya duka lake. Alitaka tovuti inayofanana na ya jirani yake. Nilimwomba tutenge wiki moja ya kuzisoma tovuti za wenzake, kwa sababu jambo linalofanywa na maduka yote lina asili mbili: ama wateja wanalitaka, ama maduka yameigana bila yeyote kuuliza sababu. La kwanza uliige. La pili ndilo linalokuachia nafasi. Hatua zifuatazo zinasaidia kuyatenganisha.

Hatua ya 1: Mtafute mshindani anayeonwa na mteja

Jirani yako wa mtaani huenda si mshindani wako mtandaoni. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari cha simu, ili historia yako isiyapindue matokeo, kisha uandike maneno ambayo mteja angeandika: “brake pads za Probox Nairobi”, wala si jina rasmi la bidhaa. Rudia kwa maneno matano au sita, na uandike tovuti zinazojirudia. Kumbuka kwamba dirisha la faragha halifichi mahali ulipo, kwa hiyo aliye Thika anaweza kuona orodha tofauti na yako.

Sisi tulibaki na tovuti tano. Masoko makubwa ya mtandaoni kama Jiji tuliyaweka kando, kwani tulitaka kuwasoma wenye maduka ya ukubwa wetu.

Hatua ya 2: Pita njia yote ya mnunuzi

Tumia simu ya kawaida na bando lako, si kompyuta yenye intaneti ya ofisini. Hesabu ni mara ngapi unabonyeza kabla ya kuiona bei. Tafuta maelezo ya kurudisha bidhaa isiyofaa. Tuma swali moja la kweli kwa WhatsApp na uandike muda uliopita kabla ya kujibiwa. Ukiweza, nunua kitu kimoja cha bei ndogo, kwa maana risiti, ufungaji na mwenendo wa mleta mzigo havionekani kwenye ukurasa wowote.

Kila jambo liandike kwenye jedwali: tovuti kwa safu, swali kwa nguzo. Bila jedwali utakumbuka tu tovuti iliyokupendeza kwa rangi.

Hatua ya 3: Angalia walichokiandika kwa wingi

Andika hivi kwenye Google, ukiweka anwani ya mshindani mahali pa ile ya mfano:

```
site:dukamfano.co.ke probox
```

Utaona kurasa zake zinazoitaja Probox ambazo Google inazifahamu. Mara nyingi ukiongeza `/sitemap.xml` mwishoni mwa anwani yake utapata orodha ya kurasa zote. Ikikosekana, jaribu `/robots.txt`, ambayo huenda ikakuonyesha orodha hiyo ilipo. Kisha fungua `web.archive.org` uone tovuti ilivyokuwa miaka iliyopita. Kitu kilichodumu wakati vingine vikibadilishwa huenda kinamletea mauzo. Lakini ikiwa hakuna chochote kilichobadilika, usikisie lolote, maana huenda tovuti imetelekezwa tu.

Hatua ya 4: Wasikilize wateja wao

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo wengi huiruka. Soma maoni ya nyota moja na mbili kwenye Google Maps, halafu maswali yaliyo chini ya picha za Facebook.

Katika jedwali letu, tovuti zote tano zilikuwa na kitufe cha WhatsApp, na nne zilificha bei kwa maneno “piga simu”. Kwa macho tu, yote mawili yalionekana kuwa desturi ya biashara hii. Hata hivyo, chini ya picha za maduka hayohayo swali lilikuwa moja, “bei?”, na jibu lilikuwa “njoo inboksi”, na waulizaji wengi hawakuandika tena. Hakuna aliyelalamikia WhatsApp. Basi kitufe tulikiiga, na kuficha bei tukakukataa.

Katika maoni ya Google Maps lilijitokeza jambo la tatu, ambalo halikuwa kwenye tovuti yoyote: kipuri hakikukaa, na duka lilikataa kukirudisha. Chanzo chake kinajulikana na kila makanika. “Probox” si gari moja. Zipo za zamani zenye chasisi za NCP50, NCP51 na NCP55, na zipo zilizotoka baada ya gari hilo kuundwa upya mwaka 2014, kama NCP160 na NCP165. Tovuti zote tano ziliandika “Probox” tu. Hapo ndipo tulipojitofautisha: kila ukurasa ulitaja chasisi inayohusika, ulimwonyesha mteja mahali pa kuisoma kwenye logbook, na uliahidi kukipokea tena kipuri kisichokaa iwapo nambari ya chasisi ilitumwa kabla ya malipo. Tulianza na kurasa sita tu. Tulijua zinafanya kazi pale ujumbe wa WhatsApp ulipoacha kuanza kwa “iko?” na kuanza kwa nambari ya chasisi.

Hatua ya 5: Kabla ya kuiga, uliza gharama iko wapi

Hapa nilikosea mimi mwenyewe. Tovuti mbili ziliahidi kupeleka mzigo bure ndani ya Nairobi, nami nikamshauri mteja wangu afanye vivyo hivyo. Faida ya seti moja ya pedi ilikuwa kama shilingi 400, na bodaboda ya kwenda Kasarani ilichukua karibu 300. Baadaye tulibaini kwamba maduka yale yalikuwa na pikipiki zao na yalikusanya mizigo ya siku nzima kabla ya kuisambaza. Ahadi iliyo kwenye tovuti unaiona. Kinachoibeba nyuma ya pazia hukioni. Tuliiondoa baada ya majuma matatu, na nilimwomba radhi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Eastleigh: Mwalimu, kuna huduma zinazoonyesha idadi ya wageni wa tovuti ya mshindani. Je, nizitegemee?

Jibu: Idadi hizo ni makadirio yanayotokana na sampuli. Kwa tovuti kubwa yanaweza kukupa ulinganisho wa kufaa, lakini kwa duka dogo la Nairobi sampuli huwa ndogo mno, na takwimu inaweza kuwa mbali sana na ukweli. Usipange bajeti kwa kuitegemea.

Mwanachama, Kariobangi: Kipuri ni kilekile kutoka kiwanda kilekile. Kwa nini nisichukue picha ya mwenzangu?

Jibu: Ndugu yangu, kipuri ni kilekile, ila picha ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda picha na maandishi. Unaweza kuiga utaratibu, kwa mfano kupiga picha ya boksi, ya nambari ya kipuri na ya kipuri chenyewe, lakini piga zako. Ukitaka za msambazaji, mwombe ruhusa kwa maandishi.

Mwanachama, Rongai: Mimi nauza mapazia. Washindani wangu hawana tovuti, wako Facebook na Instagram pekee. Nitaanzia wapi?

Jibu: Dada, anza na `facebook.com/ads/library`, uchague Kenya, kisha uandike jina la ukurasa wa mshindani. Utaona matangazo yanayoendelea sasa na tarehe yalipoanza. Tangazo lililolipiwa kwa miezi kadhaa lina uwezekano mkubwa wa kumlipa mwenyewe kuliko lililoanza juzi, ingawa huoni ametumia kiasi gani. Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye Hatua ya 4, uhesabu maswali yanayojirudia chini ya picha zao. Kwa mapazia, angalia hasa kama watu wanauliza bei ni ya mita moja au ya pazia lililokwisha kushonwa. Wakiuliza hivyo mara kwa mara, jibu hilo liwe mstari wa kwanza chini ya kila picha yako.