Uwiano wa mutesheni na uteuzi asilia: hatua za kukokotoa kwa nini aleli fiche yenye madhara huenea kuliko aleli tawala

Ninafundisha biolojia hapa Tanga, na swali ambalo wanafunzi kutoka Muheza na Pangani huniletea karibu kila mwaka ni hili: ikiwa uteuzi asilia huondoa aleli zenye madhara, yaani matoleo ya jeni yanayoleta hasara, kwa nini bado zipo, na kwa nini nyingine ni adimu mno ilhali nyingine zimetapakaa katika koo nzima? Jibu hupatikana kwa hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kalamu, mradi aifuate kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: weka alama zako

Uzito wa aleli katika jamii, yaani sehemu yake kati ya nakala zote za jeni hiyo, tuuite `q`. Kasi ya mutesheni, yaani uwezekano wa nakala isiyo na kasoro kuharibika katika kizazi kimoja, tuiite `u`. Kwa jeni nyingi za binadamu, kadirio la `u` linalofaa kuanzia ni 1 kati ya 100,000. Herufi `s` ni hasara anayoipata mwenye nakala mbili, na `h` ni sehemu ya hasara hiyo inayomfikia mwenye nakala moja. Neno «hasara» hapa lina maana moja tu, kupungua kwa idadi ya watoto ambao mtu huwaachia kizazi kijacho, wala halisemi lolote kuhusu thamani ya mtu huyo.

Hatua ya pili: tafuta mahali ambapo kinachoingia kinalingana na kinachotoka

Fikiria ngalawa inayovuja kidogo kidogo huku baharia akiyakumba maji kwa upo. Kina cha maji hutulia pale ambapo yanayoingia yanalingana na yanayokumbwa. Mutesheni ndiyo maji yanayoingia, na uteuzi asilia ndio upo.

Aleli tawala iko wazi mbele ya upo, kwa sababu kila aliye nayo, hata nakala moja, hupata hasara. Kila kizazi huondoa takriban `h*s*q`, kwa hiyo uwiano hufikiwa hapa:

```
q = u / (h*s)
```

Aleli fiche kabisa, ambayo `h` yake ni sifuri, huonekana na uteuzi pale tu mtoto anapoipokea kwa baba na kwa mama pia. Nafasi ya hilo kutokea ni `q*q`, na kiasi kinachoondolewa ni `s*q*q`. Uwiano wake ni kipeuo cha pili:

```
q = sqrt(u/s)
```

Tofauti yote imo katika alama hiyo ya kipeuo cha pili. Chukua `u` ya 0.00001 na hasara kamili, `s = 1`, na kwa aleli tawala `h = 1`. Aleli tawala hutulia kwenye 0.00001, na aleli fiche kwenye 0.0032, ambayo ni zaidi ya mara 300. Watu wanaobeba nakala moja ya aleli fiche bila dalili yoyote watakuwa takriban 1 kati ya 158, na kati ya kila nakala 1,000 za aleli hiyo, kama nakala 3 tu ndizo zitakuwa ndani ya mtu anayeugua. Zilizobaki zimo ngamani, ambako upo haufiki.

Sasa hesabu wagonjwa badala ya aleli, maana hapa ndipo wengi hukosea. Kwa aleli fiche wagonjwa ni `q*q`, yaani mtoto 1 kati ya 100,000, na kwa aleli tawala ni `2*q`, yaani mtoto 1 kati ya 50,000. Aleli iliyoenea mara 300 zaidi inaleta nusu tu ya wagonjwa! Sababu ni kwamba kila mgonjwa wa aleli fiche asiyeacha mtoto huondoka na nakala mbili, na yule wa aleli tawala huondoka na moja. Idadi ya nakala zinazoingia ni ileile, kwa hiyo upande wa nakala mbilimbili huhitaji wagonjwa nusu.

Hatua ya tatu: pima hesabu kwa data halisi

Mfano ninaoupenda ni wa akondroplasia, aina ya kimo kifupi inayosababishwa na aleli tawala, kutoka utafiti wa Mørch uliochapishwa Denmaki mwaka 1941. Kati ya watoto 94,075 waliozaliwa, 10 walikuwa na hali hiyo, na 8 kati yao wazazi wao hawakuwa nayo. Kila mtoto ana nakala mbili, hivyo kasi ya mutesheni ni 8 gawanya kwa 188,150, ambayo ni takriban 0.000043.

Njia ya pili hupitia uwiano. Mørch aliona watu 108 wenye hali hiyo wakiwa na watoto 27, na ndugu zao 457 wasio nayo wakiwa na watoto 582. Wastani ni 0.25 dhidi ya 1.27, na kwa kuwa watu hao wana nakala moja, ni `h*s` ambayo ni takriban 0.8. Uzito wa aleli ni 10 gawanya kwa 188,150, na ukiuzidisha kwa 0.8 unapata 0.000043 tena. Hata hivyo, tahadhari inahitajika: uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba baadhi ya watoto wanaohesabiwa hivyo huwa na magonjwa mengine ya mifupa, na kasi halisi ni ndogo kuliko hiyo. Njia mbili kukubaliana hakurekebishi utambuzi uliokosewa mwanzoni.

Hatua ya nne: endesha vizazi kwenye kompyuta kwa lugha ya Python

```
u, s, h, q = 1e-5, 1.0, 0.0, 0.02
for kizazi in range(2000):
    p = 1 - q
    w = 1 - 2*p*q*h*s - q*q*s
    q = (p*q*(1 - h*s) + q*q*(1 - s)) / w
    q = q + u*(1 - q)
print(q)
```

Ukiiendesha kama ilivyo utapata takriban 0.0032. Kisha badilisha `h` iwe 0.02, yaani mwenye nakala moja apoteze asilimia 2 tu, na jibu litashuka hadi kama 0.00049. Hasara hiyo ni ndogo kiasi kwamba hakuna daktari angeiona kwa macho, lakini imeipunguza aleli zaidi ya mara sita, kwa kuwa wabebaji ni wengi mno kuliko wagonjwa. Ndiyo maana nasisitiza usiite aleli «fiche kabisa» kwa sababu tu wabebaji wanaonekana wazima.

Punguza pia idadi ya vizazi iwe 100, huku `h` ikiwa sifuri. Aleli iliyoanza na 0.02 bado itakuwa juu ya 0.007, ingawa vizazi 100 ni kama miaka 2,500. Aleli tawala yenye hasara kubwa hurejea kwenye uwiano wake ndani ya vizazi vichache.

Hatua ya tano: jua lini hesabu haifai

Kipimo ni kuigeuza kanuni, `u = s*q*q`, na kuuliza kama kasi inayotoka inawezekana. Chukua selimundu, ambayo familia nyingi za huku pwani zinaijua. Tuseme wabebaji ni asilimia 15, hivyo `q` ni kama 0.08. Kabla ya tiba ya kisasa, watoto wengi sana wenye nakala mbili walifariki wakiwa wadogo, kwa hiyo `s` ilikaribia 1. Kanuni inadai `u` ya 0.0064, mutesheni moja katika kila nakala 156, na hiyo ni mara 640 ya makadirio yetu ya kawaida.

Kasi kama hiyo haipo. Isitoshe, aleli za selimundu zote ni badiliko lilelile la herufi moja ya jeni ya hemoglobini, ilhali mutesheni mpya mfululizo zingeiharibu jeni kwa namna nyingi tofauti. Kinachoishikilia ni malaria: mwenye nakala moja hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, kwa hiyo `h` si sifuri bali ni hasi, na hapo kanuni zote mbili za hatua ya pili haziwezi kutumika.