Jinsi ya kuhariri jibu la zabuni ili kila dai liwe na ushahidi wake

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana rasimu ya jibu la zabuni mkononi na bado ana siku chache kabla ya mwisho wa kuwasilisha. Sitazungumzia bei wala fomu. Nitashika sehemu ya kiufundi tu, ile inayopewa alama, na nitatumia kigezo kimoja cha mfano mpaka mwisho.

Chukulia ni zabuni ya matengenezo ya jenereta, na kigezo kinasomeka hivi: "Mzabuni aonyeshe uwezo wa kufika eneo la jenereta ndani ya saa 4 baada ya kuarifiwa, saa zote za siku, na aambatishe ushahidi wa mikataba miwili ya aina hiyo iliyotekelezwa ndani ya miaka mitano iliyopita. Alama 15."

Rasimu imejibu hivi: "Kampuni yetu ina mafundi mahiri wenye uzoefu wa muda mrefu, wanaopatikana saa 24 kila siku. Daima tunafika kwa wakati na wateja wetu wote wanaridhika. Tunakidhi matakwa yote ya kigezo hiki. Tazama Kiambatisho C."

Hatua ya 1: Kivunje kigezo vipande vipande

Soma kigezo ukitafuta vitenzi na namba. Hapa kuna mambo manne: kufika ndani ya saa 4, saa zote za siku, mikataba miwili ya aina hiyo, na miaka mitano. Kila kimoja kinahitaji jibu lake, kwa sababu mtathmini anaweza kugawa zile alama 15 kufuata vipande hivyo. Angalia pia nyaraka za zabuni zinasema miaka mitano ihesabiwe kuanzia tarehe gani. Kama hazisemi, uliza kwa maandishi wakati muda wa maswali ungali wazi. Mkataba uliomalizika miezi michache nje ya muda huo unaweza kuhesabiwa kuwa haupo.

Vigezo vya lazima, vile vya kupita au kuanguka, vitenge mapema kwenye orodha yao. Hivyo havina alama za nusu, kwa hiyo vihakiki kwanza.

Hatua ya 2: Pigia mstari kila dai, kisha uliamulie

Pita kwenye rasimu na kalamu. Kila sentensi inayodai jambo fulani ipigiwe mstari, na pembeni uandike karatasi gani inaithibitisha. Dai lenye karatasi linabaki. Lenye karatasi inayothibitisha sehemu tu linapunguzwa mpaka lilingane na karatasi hiyo. Lisilo na karatasi linafutwa, hata kama wewe mwenyewe unajua ni la kweli, kwani mtathmini anatakiwa kutoa alama kwa kile kilichomo ndani ya jalada lako.

Kwenye mfano wetu, "wateja wote wanaridhika" linafutwa. "Tunakidhi matakwa yote" pia, maana linarudia kigezo bila kukijibu. "Daima tunafika kwa wakati" ndilo la kushughulikia kwa makini. Ushahidi wake ni daftari la miito ya dharura, lenye saa ya kupigiwa simu na saa ya kufika. Tuseme ukilifungua unakuta miito 46, na katika 43 mafundi walifika ndani ya saa 4. Basi andika 43 kati ya 46, na ueleze kwa sentensi moja ile mitatu ilichelewa kwa nini na ni nini kilibadilishwa. Baadhi ya wakurugenzi huogopa kuandika hivyo. Mimi nasimamia uandikwe: namba inayoweza kuhakikiwa inampa mtathmini kitu cha kunukuu kwenye maelezo ya alama zake, na "daima" haimpi chochote.

Hatua ya 3: Uhakiki ushahidi wenyewe

Hapa ndipo majibu mengi mazuri yanapoangukia. Soma kila kiambatisho kana kwamba unatafuta sababu ya kukikataa.

Anza na jina. Mkataba uliosainiwa na kampuni mama au kampuni dada si mkataba wa mzabuni, isipokuwa nyaraka za zabuni zinaruhusu na uhusiano huo umethibitishwa. Kisha tarehe, kisha upeo. Cheti cha ISO 9001, kwa mfano, huandikwa shughuli na maeneo kinayohusu. Kikisema "uuzaji wa jenereta" na ofisi kuu pekee, hakithibitishi ubora wa matengenezo unayofanya kwingine. Tazama pia kimetolewa na nani: shirika la ISO lenyewe hutunga viwango tu, vyeti hutolewa na vyombo vya ukaguzi, na kwa kawaida mzunguko wa cheti ni miaka mitatu.

Fanya na hesabu. Tuseme ratiba ya zamu iliyoambatishwa kwenye rasimu inaonyesha mafundi 6, zamu 3 kwa siku, wawili kila zamu. Hiyo ni nafasi 42 kwa wiki, maana yake kila fundi anafanya kazi siku 7 bila kupumzika. Mtathmini anayeijua kazi ataliona hilo mara moja na kuacha kuamini dai la saa 24. Kwa siku 5 za kazi kila mmoja, wanahitajika mafundi 9. Kama hawapo, badilisha mpangilio, labda usiku awepo fundi mmoja wa zamu na mwingine wa kuitwa, na uuandike hivyo hivyo ulivyo.

Hatua ya 4: Andika upya kwa mpangilio wa kigezo

Jibu litangulie, ushahidi ufuate, kisha ukurasa:

"Tutafika eneo la jenereta ndani ya saa 4 baada ya kuarifiwa, usiku na mchana, sikukuu zikiwemo. Mafundi 9 wamepangwa zamu 3, wawili kila zamu (ratiba, uk. 71). Sharti la saa 4 limo katika mikataba yetu miwili ya matengenezo ya jenereta (kifungu cha 8, uk. 74, kifungu cha 11, uk. 80), na hati za kukamilisha kazi, zenye tarehe, ziko uk. 76 na 83. Katika mkataba wa kwanza tulifika ndani ya saa 4 kwenye miito 43 kati ya 46 (daftari la miito, uk. 77). Miito mitatu ilichelewa kwa kukosa gari la pili, gari hilo sasa lipo (kadi ya usajili, uk. 79)."

Ndani ya kiambatisho, zungushia alama kifungu au mstari unaotajwa, kwenye nakala, bila kufunika maandishi. "Tazama Kiambatisho C" peke yake kunamtupa mtathmini kwenye kurasa nyingi bila kumwambia atafute nini.

Hatua ya 5: Jedwali la ulinganifu

Mwanzoni mwa sehemu ya kiufundi weka jedwali lenye namba ya kigezo, alama zake, ukurasa wa jibu na ukurasa wa ushahidi. Tumia namba na maneno yale yale ya nyaraka za zabuni, hata kama unaona mpangilio wao haujakaa vizuri. Namba za kurasa zijazwe mwisho kabisa, baada ya faili kuunganishwa kuwa moja, na namba iliyochapwa kwenye karatasi ilingane na ile inayoonekana kwenye skrini.

Hatua ya 6: Mpe mtu asiyehusika atoe alama

Mpe vigezo, jedwali la alama na jibu, bila maelezo ya mdomo. Kwa kila kigezo aandike alama, sababu, na ukurasa alioutegemea. Usibishane naye. Pale alipoandika alama bila ukurasa, ushahidi haujaonekana. Pale alipolazimika kukuuliza swali, jibu la swali hilo halimo kwenye maandishi, na hapo ndipo unarudi kuhariri.