Picha ya risiti isije bubu

Ukimtumia mhasibu picha ya risiti, andika chini yake ni ya nini. Juzi mteja alinirushia moja ya rangi za ukuta, shilingi 118,000, bila neno. Nikaiingiza yote kwenye matumizi. Kumbe alitaka kudai VAT: basi ni 100,000 matumizi na 18,000 kodi, na risiti ya EFD ilipaswa kuwa na TIN yake na VRN, yaani namba yake ya usajili wa VAT. Haikuwa nazo; hakuzitaja alipokuwa kaunta.

Mstari mmoja unatosha: “ya VAT”, “ofisi inirudishie hela”, au “wamenizidishia kopo la pili”. Kama ni ugomvi na duka, piga picha risiti nzima, tarehe na namba zisomeke, tena mapema. Karatasi zile hufifia.