Lisans si stashahada: kuieleza shahada ya Uturuki kwenye barua pepe ya maombi ya kazi

Kosa ninaloanzia nalo nililifanya mimi, si mwombaji. Nilikuwa afisa rasilimali watu kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, tukatangaza nafasi ya mhasibu mwenye shahada. Binti mmoja wa Wete, aliyesomea Konya, akaandika: "Nina Lisans Diploması ya uhasibu, ngazi ya 6, GPA 3.52." Hapana hata neno moja la uongo pale. Nikamweka kwenye rundo la stashahada.

Wiki mbili baadaye alipiga simu. "Kaka, samahani, stashahada ya miaka minne mmeiona wapi?" Nafasi ilikuwa imeshajazwa. Nikayafungua makaratasi yake, nikaona kwamba mambo matatu aliyoyaandika, yote matatu, huku kwetu husomeka chini kuliko yalivyo.

Hatua ya 1: Toa Diploma Eki kwanza

Vyuo vya Uturuki humpa mhitimu cheti, transkripti, na karatasi nyengine iitwayo Diploma Eki. Wengi huiacha ndani ya bahasha, na ndiyo inayokusaidia zaidi. Sehemu ya 3 inataja kiwango cha masomo na muda wake, sehemu ya 4 inaeleza alama zinavyohesabiwa, na sehemu ya 8 inaeleza mfumo wa elimu wa nchi yenyewe. Yote utakayoyasema kwenye barua pepe yachukue humo, ili msomaji akitaka kuhakiki ayakute.

Hatua ya 2: Taja kiwango kwa jina la kwetu, kisha jina la kwao

Kwa Kituruki "diploma" ni ile karatasi ya kuhitimu, ya kiwango chochote. Kiwango chenyewe kiko kwenye neno linalotangulia: Ön Lisans ni masomo ya miaka miwili, Lisans ni shahada ya kwanza, Yüksek Lisans ni uzamili. Huku ukisema diploma, mtu wa ajira anasikia stashahada, na hasomi zaidi. Kwa hiyo andika "shahada ya kwanza ya uhasibu (Lisans)". Neno diploma liache kwenye jina la kiambatisho tu.

Hatua ya 3: Namba ya ngazi usiiache peke yake

Hili ndilo lililonizuga zaidi. Uturuki inafuata ngazi nane za mtindo wa Ulaya, na Lisans iko ngazi ya 6. Tanzania ina ngazi 10: ya 6 ni stashahada, ya 8 ni shahada ya kwanza, ya 9 uzamili na ya 10 uzamivu. Yule binti aliinakili 6 kutoka Diploma Eki kwa uaminifu, nami nikaisoma kwa macho ya hapa.

Kama huna ulazima, namba hiyo usiitaje kabisa. Taja miaka na mzigo wa masomo: "miaka 4, AKTS 240". AKTS ndizo krediti zao, 60 kwa mwaka. Usijaribu kuzigeuza ziwe krediti za hapa. Krediti moja ya Tanzania huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, AKTS moja ni saa 25 hadi 30, na ukianza kuzidisha utapata namba ambayo hakuna karatasi yako yoyote itakayokuunga mkono. Miaka minne kila mtu anaielewa.

Ulisoma mwaka mmoja wa lugha kabla ya kuanza? Useme, maana bila hivyo miaka mitano kwenye wasifu inaonekana kama mtu aliyerudia mwaka.

Hatua ya 4: GPA pamoja na kipimo chake, bila kuzidisha

Vyuo vikuu vya hapa hupima kwa 5.0. Kuanzia 4.4 ni Daraja la Kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni Daraja la Pili la Juu, 2.7 hadi 3.4 ni la Pili la Chini. Uturuki wanapima kwa 4.00. Ukiandika 3.52 tupu, aliyezoea kipimo chetu anakuona umeponea chupuchupu kwenye Daraja la Pili la Juu. Kumbe kwenye vyuo vingi vya Uturuki 3.50 na kuendelea ni Yüksek Onur, heshima ya juu.

Sasa mtego wa upande wa pili. Ukichukua 3.52 ukazidisha kwa 5 na kugawa kwa 4, inatoka 4.40 kamili, na moyo unakwambia andika Daraja la Kwanza. Usiandike. Madaraja hayo hayamo kwenye transkripti yako, na alama za vyuo viwili hazipandi kwa mstari mmoja ulionyooka. Nimewahi kumwona mwombaji aliyefanya hesabu hiyo akaulizwa kwenye usaili, "Daraja hili limeandikwa wapi?" Alizipekua karatasi zake zote mbele yetu. Andika "3.52 kati ya 4.00, Yüksek Onur (heshima ya juu)" uishie hapo.

Hatua ya 5: Sema ulipofika na TCU

Kulinganisha shahada za nje ni kazi ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na hilo linatuhusu Unguja na Pemba sawasawa na Bara. Stashahada ya nje huenda NACTVET, vyeti vya sekondari vya nje huenda NECTA. Ukikosea mlango unapoteza wiki. Maombi ya TCU hufanywa mtandaoni.

Kwenye barua pepe sema hali ilivyo leo: umeshapata, au umeomba tarehe fulani na unasubiri. "Inatambulika na TCU" kwa sababu tu rafiki yako wa chuo hichohicho alipata, hiyo si kauli yako kuitoa. Na kwa wahasibu, ulinganifu wa TCU haukufanyi CPA. Hayo ni ya NBAA.

Barua yenyewe

Tuliiandika upya pamoja kwa nafasi nyengine. Ilikuwa hivi:

> KUH: Maombi ya nafasi ya Mhasibu – shahada ya kwanza, miaka 4
>
> Ndugu Meneja Rasilimali Watu,
>
> Assalaam alaykum. Naomba nafasi ya Mhasibu mliyoitangaza.
>
> Nina shahada ya kwanza ya uhasibu (Lisans) kutoka Uturuki, masomo ya miaka 4 (AKTS 240), baada ya mwaka 1 wa lugha ya Kituruki. GPA yangu ni 3.52 kati ya 4.00, Yüksek Onur (heshima ya juu). Nimeomba ulinganifu TCU. Risiti ya maombi ni ukurasa wa mwisho wa kiambatisho.
>
> Cheti, tafsiri yake, transkripti na Diploma Eki vimo kwenye faili moja la PDF. Maelezo ya kipimo cha alama yapo sehemu ya 4 ya Diploma Eki.
>
> Wako mtiifu,

Aya ya pili ndiyo barua. Mchujaji anajaza jedwali lenye safu za kiwango na GPA, na mara nyingi hulijaza kabla hajagusa kiambatisho.

Kabla hujatuma, mpe mtu ambaye hajasoma Uturuki aisome mara moja, kisha uichukue simu yako na umuulize: nina kiwango gani, nimesoma miaka mingapi, na GPA yangu ni kati ya ngapi? Sisi tulimpa shangazi yake, mwalimu wa skuli hapo Wete. Mawili alijibu. La tatu alisema "kati ya tano", kwa sababu rasimu ya kwanza iliandika "3.52/4.00" na yeye aliisoma haraka kama tarehe. Ndiyo maana sasa ni "kati ya".